Mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya NPP kwenye uwanda wa nyasi bila kutoka na jibu la hasi

Mwezi wa sita kuna binti alinitumia hesabu yake ya NPP, yaani mwili mpya ambao mmea unaujenga, tulikuwa tumepima naye uwanja mmoja ng'ambo ya daraja la Sabaki hapa Malindi, njia ya kwenda Marafa, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi tu: "Shikamoo kaka, mbona nyasi zangu zinasema hasi 79?" Nyasi zenyewe wakati huo zilikuwa zinatufika magotini. Sasa kitu kinakua mbele ya macho yako halafu karatasi inakwambia kinapungua, hapo ujue nyasi hazina kosa, kosa liko kwenye karatasi.

Na si yeye peke yake. Karibu kila anayeniletea kazi hii amekosea palepale: anavuna biomasi, anapima mabaki, anapima upumuaji, halafu anachukua ile biomasi anaitoa upumuaji. Kwa hivyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja, na hesabu nitakazotumia ni za uwanja huohuo, siku 30 kuanzia tarehe 2 Mei hadi 1 Juni, katikati ya masika.

## Kwanza tuelewane hiki kitu kimoja

Mmea unatengeneza chakula kwa jua, hiyo jumla yake yote ndo GPP. Sehemu ya chakula hicho mmea wenyewe unakitumia kupumua, hiyo ni Ra. Kinachobaki ndo NPP, yaani mwili mpya wa mmea: majani, mashina, mizizi.

```
NPP = GPP - Ra
```

Sasa skiza hapa vizuri. Unapokata nyasi ukazipima kwenye mizani, unapima kile *kilichobaki*. Nyasi zilishapumua kabla wewe hujafika na mkasi wako. Upumuaji wa mmea umeshatolewa na mmea wenyewe, ukiutoa tena umemkata mtu kodi mara mbili.

Kwa hiyo njia ziko mbili, kila moja inasimama kivyake. Ya kwanza ni ya kuvuna, ambayo unajumlisha biomasi iliyoongezeka na ile iliyokufa na kuoza, na humo upumuaji hauingii kabisa. Ya pili ni ya hewa, ambayo unapima hewa ukaa inavyoingia na kutoka, na hapo ndo upumuaji una kazi. Ukizifanya zote mbili unalinganisha majibu mwisho. Usizichanganye katikati.

## Vitu vya kuandaa

Kwa upande wa kuvuna: fremu ya nondo ya 50 cm kwa 50 cm (fundi wa kuchomelea yeyote anakutengenezea), mkasi wa kukatia ua, tepu ya mita 50, bahasha za kaki nyingi kuliko unavyodhani, mizani inayosoma hadi 0.1 g na nyingine ya 0.01 g kwa mizizi, oveni ya kufika nyuzi 80, na bomba la chuma la kipenyo cha 7 cm lenye mdomo ulionolewa. Ongeza ndoo mbili, chekeche la unga, na neti ya kushonea vifuko.

Kwa upande wa hewa: kisanduku cha plastiki inayopitisha mwanga, 50 cm kila upande na wazi chini, kipima hewa ukaa kinachoandika kila baada ya sekunde chache, feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha hewa ndani, kitambaa cheusi kizito, na vipande vya chuma vya kuzamisha ardhini ili kisanduku kikalie pasipo kuvuja. Mpira wa mlango wa friji mbovu unaziba vizuri sana, mimi sijanunua kingine.

Kuna kazi moja ya mapema ambayo wengi huikumbuka wakishachelewa. Lazima uwe na vipande visivyo na mizizi hai, na hivyo vinataka miezi miwili mitatu kabla ya kipimo. Sisi tulivichimba Februari, nitaeleza kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Zuia mbuzi halafu chagua sehemu bila kuchagua

Kitu kinacholiwa hukioni kwenye mizani. Kama mbuzi wanapita hapo basi NPP yako imetembea kwenda nyumbani kwa watu. Sisi tuliweka boma la miiba, mzee mwenye shamba akatucheka, "Wanangu, nyasi zenyewe mnazilinda kama dhahabu!" lakini alikubali kufungia mbuzi wake upande wa pili mwezi mzima, Mungu ambariki.

Kuchagua sehemu za kukata, usirushe fremu kwa bega. Mkono wa mtu unarusha penye nyasi nzuri au penye njia, hata akifumba macho. Lalaza tepu mbili zikutane pembeni, toa namba za bahati kwenye simu, moja ya tepu hii moja ya ile, fremu inakwenda hapo zilipokutana hata kama ni penye kichuguu.

Weka fremu 10 kila siku ya kuvuna. Na raundi ya pili usikate palepale ulipokata mwanzo, hapo utakuwa unapima nyasi zinazopona jeraha badala ya uwanda. Unasogea pembeni, sehemu ambayo haijaguswa.

## Hatua ya 2: Kata, tenganisha siku hiyohiyo, kausha

Kata hadi usawa wa ardhi. Ukiacha kisiki cha sentimita moja raundi hii na tatu raundi ijayo, tofauti hiyo itaonekana kama nyasi zimepungua kumbe ni mkono wako. Baada ya kukata okota kila kilicholala chini ndani ya fremu, majani makavu na vipande vya mashina, hayo ndo mabaki.

Halafu kaeni kivulini, sisi tulitandika jamvi chini ya mkorosho, mtenganishe kila fungu: mbichi huku, kavu iliyokuwa imesimama kule. Jani ambalo ncha imekauka na chini ni kijani unalikata katikati, kila nusu inakwenda kwake. Ndiyo, inachosha, lakini ifanyeni siku hiyohiyo. Ukiacha hadi kesho yote inakuwa rangi moja ya manjano na hakuna atakayejua lipi lilikuwa hai.

Oveni nyuzi 70 hadi 80, saa 48, kisha pima, rudisha saa kadhaa, pima tena. Uzito ukisimama ndo imekauka.

Onyo la huku kwetu pwani: hewa yetu ina unyevu mwingi mno. Yule binti wa hesabu alitoa bahasha kwenye oveni jioni, akaziacha mezani, akazipima asubuhi. Bahasha moja tuliyoirudia kwa jaribio ilikuwa imepanda kutoka gramu 57.1 hadi 61.4 kwa kulala usiku mmoja tu, yaani zaidi ya asilimia 7 na ni maji matupu. Toa chache chache, zipoe ndani ya ndoo yenye kifuniko, pima papo hapo.

Fremu yako ni robo ya mita mraba, kwa hiyo gramu zozote ulizopata unazidisha kwa 4. Sisi wastani wa fremu 10 ulitoka hivi, kwa gramu kila mita mraba:

```
                    2 Mei    1 Juni    tofauti
nyasi hai            148      231       +83
kavu + mabaki         96      104        +8
```

Utajuaje umefanya vizuri? Angalia fremu zako 10 zinavyotofautiana. Ikiwa moja ina 60 na nyingine 400 basi uwanja wako una viraka na 10 hazitoshi, ongeza hadi wastani uache kuyumba kila ukiongeza fremu moja.

## Hatua ya 3: Tafuta kilichooza wakati hukuwepo

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukiangalia jedwali hapo juu mabaki yameongezeka gramu 8 tu, mtu anasema basi mwezi mzima zimekufa gramu 8. Hapana. Ni kama mtungi wenye tundu: unaona maji yamepanda kidole kimoja lakini hujui mangapi yamevuja kwa chini. Wakati wa masika mabaki yanaoza mbio na mchwa wanabeba usiku kucha.

Kupima uvujaji, chukua mabaki makavu ya uwanja huohuo, pima gramu 20.0 kwa kila kifuko cha neti, shona, lazia chini ya nyasi vikigusa udongo. Neti ya mbu peke yake inazuia mchwa, hivyo hesabu yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Sisi tuliacha vitobo viwili pembeni vya kupitisha kidole kidogo, na vifuko tukavibana na misumari ili mabaki yasimwagike. Baada ya siku 30 unavitoa, unapangusa udongo, unakausha, unapima.

Vyetu vilibaki na wastani wa gramu 14.8. Kasi ya kuoza kwa siku ni:

```
r = ln(20.0 / 14.8) / 30 = 0.0100 kwa siku
```

Hiyo ln ni kitufe cha kikokotoo, usitumie kile cha log, kitakupa jibu lingine kabisa. Sasa kasi hii unaizidisha na wastani wa makavu yaliyokuwepo, ambao ni (96 + 104) / 2 = 100, na siku 30:

```
kilichooza = 100 x 0.0100 x 30 = 30 g kwa mita mraba
```

Kwa hiyo NPP ya juu ya ardhi:

```
83 + 8 + 30 = 121 g kwa mita mraba kwa siku 30
```

Ona tofauti. Aliyehesabu nyasi hai peke yake kapata 83, kaacha karibu theluthi nzima chini. Na ndo sababu ya kutopitisha siku 30 kati ya kipimo na kipimo. Ukikaa miezi mitatu kuna jani litazaliwa, litakufa, litaoza na wewe hujawahi kuliona, na hakuna hesabu itakayokurudishia.

Vipi ikiwa tofauti moja ni hasi? Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nyasi hai zitashuka na makavu yatapanda, hiyo ni kawaida, nyasi zimehama tu kutoka fungu hili kwenda lile. Usigeuze hasi kuwa sifuri kabla ya kujumlisha, acha kila namba na alama yake. Jumla ndo unaiangalia. Ikitoka hasi kidogo kwenye kiangazi inawezekana kweli, nyasi zinakula akiba yao. Ikitoka hasi kubwa tafuta mbuzi.

## Hatua ya 4: Mizizi, hapa ndo pa kuwa mwoga

Gonga bomba hadi kina cha sentimita 30, toa udongo, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, mizizi inaelea na mchanga unazama, mimina kwenye chekeche. Mchanga wetu unaachia haraka, wenzetu wenye udongo mfinyanzi wana kazi. Rudia mara tatu nne hadi kisiwepo kinachoelea.

Mizizi hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa, ukiivuta inavutika kidogo. Iliyokufa ni ya kahawia iliyokolea na inakatika kama karatasi. Iliyo katikati mtabishana, chagueni mtu mmoja aamue yote, akikosea angalau akosee vilevile kila raundi.

Sasa kwa nini nasema uwe mwoga. Mdomo wa bomba la 7 cm una eneo la sentimita mraba 38.5, kupata mita mraba unazidisha kwa 260. Gramu 0.1 ya mchanga iliyonata kwenye mizizi inakuwa gramu 26. Hebu angalia yetu:

```
                    2 Mei    1 Juni    tofauti
mizizi hai           310      342       +32
mizizi iliyokufa     120      115        -5
```

Hiyo +32 yote ndani ya bomba ni gramu 0.12 tu! Mtu akiniletea tofauti kama hii kwa mabomba matatu siiamini hata kidogo. Sisi tulitoa 20 kila raundi na bado naisema kwa sauti ya chini. Kama maabara ina tanuri la kuchomea, choma sehemu ya mizizi, majivu na mchanga unaobaki toa kwenye uzito. Kama halipo, osha tena.

Kuoza kwa mizizi unafuata njia ileile ya vifuko, ila unavifukia kina cha sentimita 10. Gramu 10.0 zetu zilibaki 8.7, ln yake ni 0.139 kwa mwezi mzima, zidisha na wastani wa mizizi iliyokufa 117.5 unapata 16.

```
NPP ya chini = 32 - 5 + 16 = 43
NPP nzima    = 121 + 43    = 164 g kwa mita mraba kwa siku 30
```

Ili kulinganisha na hewa, badilisha kuwa kaboni. Nyasi kavu kaboni yake ni kama 0.45 ya uzito, hivyo 164 x 0.45 = 73.8 g za kaboni, ama 2.46 kwa siku. Njia ya kuvuna imeisha hapa. Kalamu chini. Usiguse upumuaji.

## Hatua ya 5: Pima hewa

Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu, kila kimoja na swali lake.

Kisanduku cha mwanga juu ya nyasi mchana kinakupa tofauti kati ya kinachoingia na kinachotoka. Kisanduku kilichofunikwa kitambaa cheusi palepale kinakupa upumuaji wa vyote: nyasi, mizizi, na vijidudu vya udongoni. Kipande kisicho na mizizi kinakupa upumuaji wa vijidudu peke yao, na hiki ndo kitu kinachofanya NPP ipatikane. Bila hicho huwezi kujua katika upumuaji wote fungu gani ni la mmea.

Kile kipande tulichimba mtaro kuzunguka eneo la mita moja kwa mita moja, kina nusu mita, tukaweka karatasi ya nailoni ukutani mwa mtaro, tukarudisha udongo, na kila jani lililochomoza ndani tukang'oa. Miezi ya mwanzo mizizi iliyokatwa inaoza na kutoa hewa ukaa ya bure, ndo maana unasubiri. Rudishia mabaki juu yake kwa kiasi kilekile cha uwanjani, kwa sababu kwenye nyasi mabaki nayo yanaoza ndani ya kisanduku, ukiyakosa huku unalinganisha visivyolingana. Na jihadhari, kipande hicho hakina mmea wa kunywa maji, kwa hiyo huwa kimelowa kuliko majirani zake. Mvua ikikata wiki mbili, namba yake itakuwa juu kuliko haki.

Zamisha vyuma sentimita 5 siku moja kabla. Siku ya kipimo kalisha kisanduku, subiri sekunde 20 hewa itulie, rekodi sekunde 60, ondoa. Usizidishe. Jua la Malindi la saa sita ndani ya plastiki ni tanuri, nyasi zinafunga matundu yake, na ukuta ukianza kutoa jasho mwanga haupiti tena. Laini ya kipimo ikipinda badala ya kunyooka, kipimo hicho tupa.

Kugeuza namba za mashine, hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 30 ina kama mol 40.2 kila mita ya ujazo, na kisanduku chetu urefu ni mita 0.5, hivyo kila ppm moja kwa sekunde ni 20.1 za mikromol kwa mita mraba kwa sekunde. Kipimo kimoja kilichoangukia karibu na wastani kilishuka kutoka ppm 415 hadi 397:

```
18 / 60 = 0.30 ppm kwa sekunde
0.30 x 20.1 = 6.0
```

Hizo ni za mwanga. Tukapepea kisanduku, tukafunika kitambaa, ikapanda ppm 16 kwa sekunde 60, ambayo ni 5.4. Rudia asubuhi, mchana, jioni, na usiku pia, ndiyo usiku na tochi, kwa siku kadhaa zikiwemo za mawingu. Anayepima siku za jua tu atapata GPP ya uwanja ambao mawingu hayapiti, na Mei hapa kwetu mawingu ndo wenyeji.

Wastani wetu wa mwezi:

```
mwanga, mchana              6.0
giza, mchana                5.4
giza, usiku                 4.4
bila mizizi, saa 24         1.7
```

## Hatua ya 6: Hesabu ya hewa

Mikromol 1 kwa sekunde ikikaa saa 12 ni g 0.519 za kaboni, ikikaa saa 24 ni 1.038. Mchana na usiku kwetu ni karibu sawa mwaka mzima kwa hiyo saa 12 inatosha.

```
GPP          = (6.0 + 5.4) x 0.519 = 5.92
upumuaji wote = (5.4 + 4.4) x 0.519 = 5.09
wa vijidudu  = 1.7 x 1.038         = 1.76
Ra           = 5.09 - 1.76         = 3.33
NPP          = 5.92 - 3.33         = 2.59 g za kaboni kwa siku
```

GPP inajumlishwa mwanga na giza kwa sababu kisanduku cha mwanga kilikuwa kinaonyesha kilichobaki baada ya kupumua, sasa unarudisha kilichopumuliwa ili upate jumla. Hapa wengine hutoa badala ya kujumlisha kwa kuwa mashine imeandika mwanga kwa alama ya hasi. Andika mwenyewe kwenye daftari: hewa ikishuka, mmea unakula, ni chanya.

## Hatua ya 7: Linganisha

Kuvuna kumetoa 2.46, hewa imetoa 2.59. Tofauti kama asilimia 5, na kwa kazi ya shamba hiyo ni bahati, wala usiitegemee kila mwezi. Mimi hata zikipishana asilimia 20 au 30 sishtuki, nikikumbuka tu zile gramu 0.12 za bombani.

Ukiona ya kuvuna ndo ndogo, kuna sababu za haki: mizizi inavujisha sukari udongoni ambayo hakuna mkasi utakaoikata, panzi wamekula kidogo, mizizi iliyopita sentimita 30 hukuifikia. Ukiona ya hewa ndo ndogo kwa mbali, kagua kwanza kama kisanduku kinavuja, halafu kama kile kipande kilitulia kweli, maana Ra yote inatoka hapo.

Kipimo kingine cha haraka: gawanya NPP kwa GPP. Yetu ni 2.59 / 5.92 = 0.44. Nyasi mara nyingi huangukia kati ya 0.4 na 0.6. Ukipata 0.9 hukupima upumuaji wa mmea, ukipata 0.1 huenda umeuhesabia mmea hewa ya vijidudu.

Na ile hasi 79 ya binti? Alichukua 73.8 yake ya kuvuna, ambayo ilikuwa sahihi kabisa, akatoa upumuaji wote wa mwezi, 5.09 mara 30, ambao ni 152.7. Hapo alikosea mara mbili kwa mpigo: alitoa upumuaji ambao nyasi zilishautoa, na akatoa na wa vijidudu juu yake, ambao si wa nyasi hata kidogo. Nikamwambia afute mstari mmoja tu. Akafuta, akanyamaza kama dakika kumi, halafu akaandika: "Kaka, kumbe nilimaliza kazi kwenye ukurasa wa pili." Kurasa zake zilikuwa tisa.

Ukitaka ya mwaka unajumlisha vipindi vyote 12 vya namna hii, kila kimoja na kasi yake ya kuoza, maana r ya Mei siyo r ya Februari. Usichukue mwezi huu mmoja wa masika ukauzidisha kwa 12, utawapa watu uwanda ambao haupo hapa Malindi.